Barua ya Kuomba Mafunzo ya Ng'ambo

Kila mwaka vijana wengi huandika barua za kuomba kupelekwa ng'ambo kufanya mafunzo ya kazi kwa gharama ya wafadhili. Nafasi ni chache, na wakaguzi husoma barua nyingi kwa siku moja. Katika kila barua hutafuta mambo matatu: haja ya mwombaji, uwezo wake, na kazi atakayoifanya akisharudi kwao. Waombaji wengi huyataja yote matatu lakini hukosa nafasi, kwa sababu huyaandika kama mambo yasiyohusiana.

Na itwaliwe mfano wa fundi kijana wa vyombo katika hospitali ya wilaya, anayeomba miezi mitatu katika karakana ya kutengeneza mashine za oksijeni. Mashine hizo huvuta hewa ya kawaida, huchuja naitrojeni, na kumpa mgonjwa oksijeni iliyobaki. Barua yake ya kwanza yaanza hivi: “Nimezaliwa katika jamaa maskini, na tangu utoto nimependa ufundi.” Huenda maneno hayo ni ya kweli, lakini mwombaji wa ualimu au wa ukulima aweza kuyaandika vile vile. Mkaguzi hapati ndani yake sababu ya kumchagua huyu na kumwacha yule.

Haja ni ya namna mbili, nazo hazifai kuchanganywa. Haja ya fedha hutimizwa kwa sentensi moja au mbili: mshahara ni kiasi gani, nauli ni kiasi gani, na kwamba mwajiri hawezi kulipa. Haja ya ujuzi ndiyo itakayo nafasi kubwa zaidi. Fundi huyu aandike kwamba hospitali yake ina mashine sita, na tatu kati yake zimewekwa ghalani. Zikiwashwa zanguruma na kutoa upepo, lakini mtoto mwenye kichomi akiunganishwa nazo hapati nafuu. Mashine nzuri hutoa oksijeni ya asilimia 90 au zaidi, na ikishuka chini ya asilimia 82 haifai kwa mgonjwa. Sikio haliwezi kutambua tofauti hiyo. Hutambuliwa kwa kipimo, na tena yapasa kujua ni sehemu gani iliyoharibika. Hilo ndilo asiloweza kujifunza hapo alipo.

Uwezo nao uonyeshwe kwa kazi iliyokwisha kufanywa. “Mimi ni mwenye bidii” ni neno lisilo shahidi. Afadhali aeleze kwamba husafisha vichujio vya vumbi kila juma, huandika katika daftari saa ambazo kila mashine imefanya kazi, na aliirudisha moja wodini kwa kubadili mpira uliopasuka. Kisha aseme wazi mahali alipokwama: alifungua nyingine, akaona mabomba yote ni mazima, asiweze kuendelea. Kukwama huko hakumshushi, maana hapo ndipo uwezo wake unapokutana na haja yake. Lakini barua ya mkubwa wake ikisema mashine moja, naye akaandika nne, mkaguzi ataziweka barua zote mbili kando.

Sehemu ya tatu ndiyo iwaangushayo wengi. Huahidi kuendeleza nchi nzima, au kufungua chuo, hali hawana chumba wala fedha. Mfadhili ataka kujua mwezi wa kwanza utakuwaje. Fundi aandike kwamba atapima mashine zote sita, atenge zilizo chini ya asilimia 82, atengeneze zile ambazo vipuli vyake vyapatikana, kisha afundishe wauguzi wawili kusafisha vichujio na kusoma kipimo. Aeleze pia ni nani atakayenunua kipimo, na aambatishe barua ya mwajiri ya kumhifadhia kazi yake. Mafunzo yatakayohitaji chombo ambacho hospitali haitakipata kamwe hayatamfaa mgonjwa yeyote.

Ahadi ya kurudi si adabu ya barua tu. Marekani, kwa mfano, baadhi ya wageni wa mabadilishano wanaolipiwa na serikali hufungwa na sheria kukaa kwao miaka miwili kabla ya kuweza kupewa viza fulani za kazi au kibali cha kuhamia huko. Mwombaji asome masharti kabla ya kutia sahihi.

Mwisho, barua ipimwe hivi. Jina la mwombaji lifunikwe, apewe mtu wa kazi nyingine aisome. Kama mtu huyo aweza kutia jina lake mwenyewe na barua ikamfaa, haijawa tayari kupelekwa.