Umechemsha maji, sasa toa hicho kikombe ndani ya ndoo

SEHEMU YA 1: Video yenyewe

Mama zangu, wiki hii nimetumiwa video moja na watu kama saba hivi, kila mmoja akiniambia, "Nesi, sambaza hii." Ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifundisha kuchemsha maji ya kunywa. Imepigwa vizuri, sauti inasikika, na dada wa watu anaongea kwa upole.

Sikuisambaza. Naomba mnisikilize kwa nini.

Picha ya kwanza: sufuria jikoni, mkaa umekolea. Dada anasema, "Yakianza kuchemka, yaacheni dakika ishirini." Picha ya pili: saa ya ukutani. Picha ya tatu: anayamimina kwenye ndoo pana isiyo na mfuniko. Picha ya mwisho: anachota kwa kikombe, vidole vinaingia ndani ya maji, anampa mtoto, mtoto anakunywa, anatabasamu. Mwisho wa somo.

Pale kwenye vidole nilisimamisha simu. Dada ametumia dakika ishirini kuua vijidudu, halafu kwa sekunde tatu amewarudisha. Na video imeishia hapo hapo, kana kwamba kazi imekamilika.

Simlaumu yeye, maana amesoma karatasi aliyopewa. Nagombana na somo lenyewe, na sisi wataalamu ndio tuliolifundisha hivyo miaka yote.

SEHEMU YA 2: Hizo dakika ishirini ni za nini?

Tuanze na moto, maana moto ni pesa.

Bakteria wa kuhara, virusi na vile vijidudu vinavyoleta kuhara damu havingojei dakika ishirini. Vinaanza kufa kabla hata maji hayajachemka. Maji yakishachemka kwelikweli, vilivyobaki vinamalizika upesi. Ushauri wa kitaalamu ni huu: yakishatokota, yaache dakika moja, basi. Ukiishi kwenye milima mirefu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaache dakika tatu, kwa sababu kule juu maji huchemka kabla hayajawa ya moto kama yanavyokuwa huku pwani.

Ila kutokota kwenyewe nikueleze vizuri, maana wengi wanakosea hapa. Vile viputo vidogo vinavyoganda chini na pembeni mwa sufuria siyo kuchemka. Mvuke kidogo juu nao siyo kuchemka. Maji yamechemka pale mapovu makubwa yanapopanda kutoka chini na uso wote wa maji unarukaruka, na hata ukikoroga kwa mwiko hayatulii. Hapo ndipo unaanza kuhesabu dakika yako moja.

Sasa utaniuliza, "Nesi, dakika ishirini zina madhara gani?" Maji hayatadhurika. Ila mkaa utaisha. Mama anayenunua mkaa wa kopo akiambiwa dakika ishirini kila siku, atachemsha Jumatatu na Jumanne, Jumatano ataangalia kopo, atasema leo tunywe hivi hivi tu. Kwa hiyo agizo letu la "kuwa na uhakika zaidi" ndilo linalomfanya mtoto anywe maji mabichi siku ya Jumatano.

SEHEMU YA 3: Mama niliyemdhania muongo

Hii nawasimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, jina nabaki nalo.

Alikuja kliniki na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, anaharisha kwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Nikamuuliza swali letu lile lile, "Maji mnachemsha?" Akasema, "Nachemsha kila siku, nesi." Moyoni nikasema, huyu ananidanganya. Nikampa dawa ya kuchanganya na maji kwa ajili ya mtoto, na vidonge vya zinki, na juu yake nikampa mawaidha ya kuchemsha maji ambayo hakuyahitaji kabisa.

Wiki iliyofuata nilipita mtaani kwao na mhudumu wa afya wa eneo lile. Mama akatukaribisha, na bila sisi kuomba akatuonyesha anavyofanya. Jamani, alikuwa anachemsha. Tena vizuri kuliko mimi.

Lakini kaeni hapo muone kilichofuata.

Maji yalikuwa ya moto na watoto wana kiu. Akachota kikombe cha maji ya bomba, akayamwagia kwenye yale yaliyochemka "yapoe kidogo". Hapo maji yote yamegeuka mabichi.

Akayamimina kwenye ndoo. Nikauliza, ndoo hii ni ya nini? Akasema ndiyo anayoendea bombani asubuhi. Ameisuuza tu.

Kikombe kimekaa juu ya ndoo. Kaka yake mtoto, wa miaka mitano, akaingia mbio kutoka kucheza, akachovya kikombe na mkono wote hadi kifundo, akanywa, akarudisha, akatoka mbio.

Nikamtazama mhudumu, naye akanitazama. Yule mama alikuwa analipa mkaa kila siku, na sisi tukamlipa lawama.

SEHEMU YA 4: Kwa nini maji yaliyochemshwa ni rahisi kuharibika

Moto unaua vilivyomo sasa, lakini haubaki ndani ya maji kulinda. Dawa ya maji yenye klorini, ukiitumia sawasawa, inabaki kwa muda ikipambana na kinachoingia baadaye. Maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana mlinzi. Kidole kimoja kilichotoka chooni bila sabuni kinatosha kuyachafua.

Hili halikuanza kwa yule mama wangu, wala siyo la Afrika peke yetu. Mwaka 1991 kipindupindu kilipoingia Peru, watafiti walikwenda mji wa Trujillo kulinganisha walioumwa na wasioumwa. Kunywa maji yasiyochemshwa kuliongeza hatari, kama tunavyotarajia. Lakini waliona na jingine: kunywa maji kutoka kwenye chombo cha nyumbani ambacho watu huingiza mikono nako kuliongeza hatari. Mkono ndani ya chombo, ndiyo ile picha ya mwisho ya video yetu.

Tangu hapo ushauri wa kuhifadhi maji umekuwa wazi: chombo kiwe na mdomo mwembamba usiopitisha mkono, au kiwe na koki, na kiwe na mfuniko. Iweje hadi leo tunapiga picha ya kikombe ndani ya ndoo na kuiita elimu?

SEHEMU YA 5: Video tuliyopiga upya

Mimi na yule mhudumu tulirudi kwa yule mama, na kwa idhini yake tukapiga picha nyingine jikoni kwake, kwa simu ya kawaida. Dakika ya moto tuliipa picha moja. Zilizobaki zote ni za baada ya moto.

Picha ya 1. Jioni, mkaa wa kupikia ukiwa bado una nguvu, sufuria ya lita 10 inawekwa. Nyumba yao ina watu watano, kwa hiyo ni kama lita mbili kwa kila mmoja kwa siku. Yakitokota, dakika moja, yanaepuliwa.

Picha ya 2. Sufuria inafunikwa na kupelekwa mahali ambapo mtoto hafiki, maana maji ya moto yanaunguza kuliko uji. Inaachwa ipoe yenyewe hadi asubuhi, ndani ya sufuria ile ile. Hakuna kuongeza maji ya bomba, wala barafu ya dukani.

Picha ya 3. Asubuhi, mikono inaoshwa kwa sabuni. Dumu la maji ya kunywa, ambalo haliendi bombani kamwe, linaoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji kidogo yaliyochemshwa. Tulilifunga utepe mwekundu ili lisichanganywe na mengine.

Picha ya 4. Maji yanamiminwa kutoka kwenye sufuria moja kwa moja kwenda kwenye dumu kwa kutumia mrija mpana ulioshwa. Hakuna kuchota. Dumu linafungwa.

Picha ya 5. Mtoto wa miaka mitano ana kiu. Dumu linainamishwa, maji yanaingia kwenye kikombe, anakunywa. Mkono wake haujagusa maji. Hii ndiyo picha ya mwisho.

Maji hayo yanywewe ndani ya siku moja, kesho yanachemshwa mengine. Yakibaki, yatumieni kuoshea vyombo, msiyachanganye na mapya.

Mtoto hakurudi kwangu na kuhara miezi iliyofuata. Siwaambii kwamba mtoto mmoja ni ushahidi, kwa sababu siku hiyo hiyo tuliweka na sabuni karibu na choo, na hilo nalo lina mchango wake. Nawaambia tu kwamba mkaa ule ule sasa unafanya kazi uliyonunuliwa.

SEHEMU YA 6: Mliyoniuliza

"Ndoo ya koki ni ghali." Kweli. Ndiyo maana sisi tulitumia dumu. Kama huna hata dumu la ziada, weka mfuniko kwenye ndoo, utumie kata yenye mpini mrefu, itundikwe ukutani, ishikwe mpini tu, na mwenye kuchota awe mtu mzima mmoja. Siyo sawa na dumu, lakini ni bora kuliko kikombe cha kila mtu.

"Mbona sisi tulikunywa hivi hivi na tukakua?" Dada, tuliokua ndio tunaoongea. Waliokufa kwa kuhara hawana simu.

"Maji yetu yana tope." Yaache yatulie, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo uchemshe. Dawa ya maji haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Na ukitumia dawa, fuata maelezo ya chupa, usikisie kwa dawa ya kufulia.

"Maji yetu ya kisima yana chumvi, na meno ya watoto yanageuka kahawia." Hapo kuchemsha hakukusaidii. Moto hauondoi chumvi wala floridi. Maji yakipungua sufuriani, vyenyewe vinabaki. Tafuteni chanzo kingine cha maji ya kunywa.

"Mtoto wangu ana miezi mitatu, nimpe maji yaliyochemshwa?" Kama ananyonya, hapana, hata tone. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji mpaka afikishe miezi sita.

Na ninyi wahudumu wenzangu mnaopiga video, ombi langu ni moja. Kabla hamjasambaza, tazameni picha ya mwisho. Mkiona mkono umeingia kwenye maji, futeni mrudie.

Wewe mama, usiku huu kabla hujalala, nenda kaangalie kikombe chako kimekaa wapi.