Mnawacheka Waliotapeliwa, Ila Kupiga Simu Hamtaki!

Wadau wa Sakina, stori ya wiki mnayo. Kuna dada wa saluni hapa kwetu, simtaji, wenye mtaa mnamjua, WhatsApp yake ilibebwa Jumamosi mchana, na mpaka jioni watu wanne walikuwa wameshatuma hela kwa tapeli. Basi mkaanza: "tamaa hiyo", "wajinga ndio waliwao", "mimi linki sibonyezi, siwezi kupigwa". Jamani, tamaa gani? Wale watu walikuwa wanamkopesha rafiki yao! Na linki gani? Kwenye hii ishu hakukuwa na linki hata moja. Nyie mnaojiona wajanja kwa sababu hambonyezi linki ndio mnaofuata.

Ngoja niwaambie ilivyokwenda. Dada alipata meseji kutoka kwa mwenzake wa kamati ya sendofu: "Shosti, nimekosea nimetuma namba sita kwenye simu yako, nirushie haraka." Kucheki SMS, kweli namba sita zipo. Akazirusha. Kumbe akaunti ya huyo mwenzake ilishaibiwa tangu asubuhi, na zile namba hazikutumwa kwa kukosea. Tapeli alifungua WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba ya dada kana kwamba ni yake, na WhatsApp ikatuma tarakimu sita kwa mwenye laini kuuliza kama ni yeye. Ukizitoa, umempa mtu ufunguo wa nyumba. WhatsApp ya dada ikajifunga palepale, ikafunguka kwa tapeli.

Wengi hamjui kwamba kwa hapo tapeli haoni chati za zamani. Zile zinabaki kwenye simu ya mwenyewe. Anachorithi ni jina la akaunti, makundi, na kila meseji mpya inayoingia. Sasa mtu mwenye kundi la kikoba, la sendofu na la wateja wa saluni, hesabu mwenyewe watu wangapi hao. Akaanza kuwapitia mmoja mmoja: "Mpenzi nimekwama, naomba laki mbili tuma kwenye namba hii, kesho asubuhi nakurudishia." Ile "tuma kwenye namba hii" ya SMS tunaichekea wote, ila ikija chini ya jina la rafiki yako mnafyata.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mmoja wa wale wanne ALIPIGA SIMU. Ndiyo, alipiga! Ila alibonyeza kale kasimu ka juu kwenye chati ya WhatsApp. Ikaita, ikakatwa, ikaja meseji: "Mtandao mbaya shosti, andika tu." Akaona ameshahakiki, akatuma.

Simu ya WhatsApp inakwenda ilipo akaunti, na akaunti alikuwa nayo mwizi. Umempigia mwizi kumuuliza kama ni mwizi! Wakati huo laini ya dada ilikuwa ndani ya simu yake, juu ya meza ya saluni, pembeni ya draya. Mtu angetoka WhatsApp, akafungua sehemu ya kupigia ya kawaida, akapiga namba ileile kwa salio, ingeita pale pale na dada angepokea. Ni shilingi ngapi hizo za dakika moja mbele ya laki mbili?

Akikuandikia kwamba amebadili namba, piga ile ya zamani, usipige aliyokupa. Asipopokea, subiri. Mtu mwenye shida ya kweli atakupigia mwenyewe.

Halafu kabla hujaweka namba ya siri kwenye M-Pesa au mtandao wowote, jina la mpokeaji linatokea. Wale wanne wote waliona jina la mwanaume wasiyemjua. Wakauliza, wakajibiwa "ni wakala huyo". Hilo jibu ndilo lilitakiwa liwafanye wapige simu ya kawaida, sio liwatulize.

Sio kwamba simu ya kawaida haina tundu. Kuna matapeli wanaomwambia mtu apige namba zinazoanza na nyota, wakidai ni za kuunganisha bando au kuzuia laini isifungiwe, kumbe simu zake zote zinahamishiwa kwao. Ukimpigia rafiki yako ukasikia sauti usiyoijua, kata. Na wewe kwenye laini yako piga `*#21#`, itakuonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwingine. Kama zimeelekezwa, `##002#` inafuta.

Najua mtakachosema. "Nikimpigia ataona namshuku." Hiyo aibu ndiyo mtaji wa tapeli! Shikamoo mnaipeleka mpaka kwa msiowajua, ila kumpigia rafiki anayeomba laki mbili mnaona ni dharau. Na nyie mnaokasirika mkipigiwa, "kwani huniamini?", nyie ndio mnaofundisha watu kunyamaza na kutuma.

Kwa machalii wenzangu wanaosaka ajira, hapa linki ipo kweli, kwa hiyo tusomeshane. Tuseme umerushiwa hii:

```
https://ajira.go.tz.example.com/fomu
```

Macho yanaona "ajira.go.tz" mwanzoni, moyo unatulia. Kosa! Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya zile mbili za https, kisha soma kurudi nyuma kuelekea kushoto. Mwenye nyumba ni yule wa mwisho kabla ya mkwaju, hapo ni example.com, na hayo ya mbele amejiandikia mwenyewe kama mtu anavyochora nembo kwenye fulana. Ya Sekretarieti ya Ajira inaishia na `ajira.go.tz` yenyewe ndipo mkwaju. Ikiwa ni linki fupi isiyoonyesha mwenyewe, usiifungue kabisa, andika anwani unayoijua kwa mkono.

Ila hata hapo msijisahau, maana kazi nyingi za uongo hapa Arusha ni za hoteli na kampuni za utalii, na hizo hazina go.tz. Rafiki anakurushia, "kuna nafasi mapokezi, elfu 35 ya vipimo, nafasi zinaisha leo." Simu inapigwa mara mbili: kwanza kwa huyo rafiki kwa salio, pili hotelini, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, sio iliyoandikwa kwenye tangazo. Au panda kifodi ukaulize getini. Nauli ni ndogo kuliko hiyo elfu 35.

Ukishapigwa, usikae unalia kwenye statasi. Piga 100 huduma kwa wateja ya mtandao wako, hela ikiwa haijatolewa kuna nafasi. Meseji za SMS za utapeli zirushe 15040 ya TCRA. Namba ya kuripoti ni ile iliyopokea hela, msije mkamfungia dada wa watu laini. Yeye mwenyewe aingize tena namba yake kwenye WhatsApp na tarakimu mpya, tapeli anatoka. Akikuta tapeli ameweka namba ya siri ya pili, atasubiri siku 7, lakini mwizi ameshatoka tayari.

Na staa wetu fulani wa mjini hapa, ambaye akaunti yake ya Instagram ilishinda siku tano inauza kazi za Dubai: mashabiki hawana namba yako ya kukupigia. Ulikuwa na simu, una meneja, una redio mbili zinazokualika kila mwezi. Ulishindwa kupiga hata moja ukasema "sio mimi"?