Dawa ya goti na figo za nyanya

Ukimuuliza nyanya yako anakunywa dawa gani, atakutajia zile za daktari tu. Ile ya goti haihesabu. Kwake hiyo si dawa, ni kitu cha kupunguza maumivu tu. Sasa hapo ndipo shida inapoanzia.

Nyanya yangu, hapa Richmond Hill, ana miaka 76. Ana presha na figo zake zimechoka kidogo. Daktari alimpa perindoprili ya presha na kidonge cha kupunguza maji mwilini. Baridi ya Januari ikamkaza goti, akaanza diklofenaki aliyoletewa kutoka Mombasa, asubuhi na jioni. Baada ya siku kumi miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia, na mkojo ukapungua. Kipimo cha figo, kile kinachoandikwa eGFR kwenye majibu, kilikuwa 55 mwaka jana. Sasa kilisoma 36.

Kwa nini? Figo huchuja damu kwa msukumo. Kila chujio ina mshipa wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Figo ikichoka, mwili hutengeneza prostaglandini ili mlango wa kuingilia ubaki wazi. Diklofenaki, ibuprofeni na naproksini hutuliza maumivu kwa kuzuia hizohizo prostaglandini, kwa hiyo mlango unabana. Perindoprili nayo inalegeza mlango wa kutokea, na kile kidonge kingine kinapunguza maji kwenye damu. Damu inaingia kidogo, inatoka kwa urahisi, msukumo unashuka. Kila dawa peke yake huenda angeistahimili. Zote tatu pamoja ndizo zilizomlemea.

Prostaglandini pia hulinda ngozi ya ndani ya tumbo, ndiyo maana mzee anaweza kutokwa na damu tumboni bila hata kuumwa. Choo cheusi kama lami au kutapika damu: piga 911. Halafu dawa hizi huzuia chumvi na maji visitoke, na moyo dhaifu unabeba mzigo huo.

Daktari alisimamisha diklofenaki. Wiki tatu baadaye kipimo kilipanda hadi 50. Si kila mtu hurudi hivyo.

Kwenye maduka ya hapa, Advil na Motrin ni ibuprofeni, Aleve ni naproksini. Soma pia pakiti za dawa za mafua, nyingine zina ibuprofeni ndani. Tylenol ya kawaida ndiyo Panadol ya nyumbani. Kwa figo ni salama zaidi, lakini mfamasia akwambie kiasi, maana ikizidi inaumiza ini. Jeli ya kupaka huingia kidogo kwenye damu, nayo muulize. Na usimwachishe dawa ya presha au aspirini ya moyo bila daktari.

Kwa hiyo usiulize, “Unakunywa dawa gani?” Uliza hivi: “Nyanya, goti likiuma unakunywa nini? Naomba nikione.”