Tahadhari ya Umeme Kwisha: Ihesabiwe kwa Siku, Itolewe Mara Mbili

Mita ya kawaida ya LUKU nchini Tanzania hupokea habari, lakini hairudishi. Mteja anunuapo umeme hupewa namba yenye tarakimu 20. Akiibonyeza, mita huongeza uniti alizolipia, kisha huzihesabu peke yake. Shirika linajua kilichonunuliwa, halijui kilichobaki. Kwa sababu hiyo, ujumbe wa simu wa kumtahadharisha mteja huhitaji mita iwezayo kupeleka habari kituoni. Bila mita hiyo hubaki kukisia kwa kufuata manunuzi ya nyuma, na makisio hayo hukosea mara mteja asafiripo au apatapo wageni.

Tuseme mita hiyo ipo. Je, ujumbe utumwe lini, na mara ngapi?

Kanuni iliyo rahisi ni kuutuma zinapobaki uniti 10. Kwa maoni yangu kanuni hiyo haifai. Nyumba itumiayo uniti 2 kwa siku ingali na siku 5, na mwenyewe ataupuuza. Mwenye bucha atumiaye uniti 20 kwa siku amebakiwa na saa 12 tu. Ujumbe ukimkuta amelala, huenda nyama ikaanza kuharibika kabla hajausoma. Afadhali kipimo kiwe siku: salio ligawanywe kwa wastani wa matumizi ya siku 7 zilizopita. Ujumbe wa kwanza utumwe zikibaki siku 3, na wa pili ikibaki siku 1, yote miwili kabla ya jioni.

Hapa pana mtego. Chukua nyumba yenye salio la uniti 5.8 na wastani wa uniti 2 kwa siku. Imebakiwa na siku 2.9, nayo hupata ujumbe. Kesho yake wenyeji wanashinda msibani na kutumia uniti 0.3 tu. Salio ni 5.5, lakini wastani umeshuka hadi 1.76, hesabu yasema siku 3.1. Wakirudi na kutumia uniti 2, hesabu yashuka tena chini ya 3, na kompyuta hutuma ujumbe uleule mara ya pili, ijapokuwa hakuna aliyenunua chochote.

Dawa yake ni kompyuta kukumbuka kwamba ujumbe huo umekwisha kutumwa, isiurudie mpaka manunuzi mapya yapandishe salio kupita siku 4. Kwa njia hiyo hata yule anunuaye kidogo kidogo kila siku, ambaye hali ya mita yake aijua vyema, hatasumbuliwa kila siku.

Wako watakaosema kwamba kukumbusha mara nyingi ni usalama zaidi. Sikubaliani nao. Mteja aliyekwisha kupokea jumbe sita zisizo na maana huufuta wa saba bila kuusoma, na huenda huo wa saba ndio uliokuwa wa kweli.