Mistari Mitatu ya Ujuzi

Ombi la kazi ya usaidizi wa ofisi linalochapishwa kwenye saiba za Olympic, hatua chache tu kutoka Gatwekera, mara nyingi huwa na mstari huu: “Ujuzi: Word, Excel, kuandika kumbukumbu, kutunza faili.” Mwenye saiba ameunakili kutoka ombi la jana. Mwajiri akiusoma hajui kama mwombaji ameitumia Excel au ameiona tu darasani.

Tunashangaa zaidi tukijua kwamba wengi wa waombaji hawa ni makatibu wa vyama. Kikundi hakisajiliwi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 bila kumbukumbu za mkutano wa kukianzisha, na kuna mtu aliyeziandika. Mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, na kwenye ombi lake hataji chama hata kidogo. Anadhani kazi isiyo na mshahara si kazi.

Tuchukue katibu wa chama cha watu 24. Michango ameipanga kwenye Excel, jina moja kila mstari kuanzia wa pili, na jumla ya mwezi anaipata kwa `=SUM(C2:C25)`. Aseme hivyo. Kuna wanaojumlisha kwa simu kisha wakaandika jibu kwenye kisanduku. Mchango mmoja ukirekebishwa, jumla inabaki ileile ya zamani. Mwajiri makini atabonyeza kisanduku hicho kwenye usaili, na siri itatoka hapo hapo.

Kwenye kumbukumbu, aeleze anachoandika: waliohudhuria, waliotoa udhuru, yatokanayo na mkutano uliopita, kisha kila uamuzi pamoja na jina la atakayeutekeleza na tarehe. Anayenakili mabishano yote hujaza kurasa sita, na mwezi ujao hakuna anayekumbuka nani alitumwa benki. Aongeze kwamba rasimu huwafikia wanachama ndani ya siku mbili, na kwamba hutiwa sahihi baada tu ya kuthibitishwa katika mkutano unaofuata.

Faili nazo zina mtego wake. Jina kama “minutes mpya final 2” halimsaidii yeyote. Jina linaloanza na mwaka, mwezi, kisha siku, mfano `2025-03-09-kumbukumbu`, hujipanga lenyewe kwa tarehe kwenye kompyuta. Ukianza na siku, tarehe 9 Machi itakaa karibu na 9 Juni.

Basi ombi lisomeke hivi: “Katibu wa chama cha watu 24, Gatwekera. Natunza michango kwenye Excel kwa fomula. Kumbukumbu huwafikia wanachama ndani ya siku mbili. Nakala zenye sahihi naziweka kwenye faili kwa tarehe, mpya juu, na za kompyuta pia kwa tarehe.” Na mwenyekiti wa chama awekwe kwenye orodha ya wadhamini, namba yake ikiwa hewani.