Kodi iliyokwisha katwa si deni la mfanyakazi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipate kuzungumza na wafanyakazi wenzangu, na pia na wakubwa wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), juu ya jambo linalowakosesha watu usingizi kila inapokaribia tarehe 30 Juni. Jambo lenyewe ni kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata katika mshahara kila mwezi, kisha asiifikishe serikalini. Mara nyingi mfanyakazi huipata habari hiyo siku anapojaza ritani yake ya mwaka, au siku anapoomba cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi ili akipeleke anakoomba kazi mpya. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba anadaiwa.

Mimi nimekuwa karani wa mishahara katika kampuni za watu binafsi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na yafaa nieleze jinsi jambo hili linavyotokea, maana wengi hudhani kwamba mwajiri huzitia fedha hizo mfukoni siku ile ile. Mara nyingi sivyo. Mwisho wa mwezi karani hutayarisha orodha ya mishahara, akionyesha mshahara kamili wa kila mtu, makato yake, na kile anachokwenda nacho nyumbani. Biashara ikiwa nzuri, kampuni hutoa fedha zote: za wafanyakazi huenda kwao, na za kodi hupelekwa KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Biashara ikiwa mbaya, meneja huuliza jambo moja tu: "Jumla ya kuwalipa watu mkononi ni ngapi?" Hiyo ndiyo anayoitafuta benki. Kodi imekatwa kwa kalamu, lakini fedha zake hazikutengwa. Meneja husema atalipa mwezi ujao, na mwezi ujao ukifika hali ni ile ile.

Sasa tuchukue mfano wa dereva aliyekuwa akipata shilingi 60,000 kwa mwezi, tangu Machi hadi Septemba mwaka 2025. Katika fedha hizo alikatwa shilingi 3,600 za NSSF, 1,650 za bima ya afya na 900 za ada ya nyumba. Makato hayo matatu hutolewa kwanza, kisha kodi hupigwa juu ya kilichobaki, yaani 53,850. Kwa viwango vya mwaka huo, kodi yake ilikuwa 10,938, na baada ya kuondoa nafuu ya 2,400 anayopewa kila mtu, akabaki kukatwa 8,538. Alikwenda nyumbani na shilingi 45,312. Kwa miezi saba kodi iliyokatwa ni shilingi 59,766, na fedha hizo hakuziona hata siku moja.

Ikiwa mwajiri hakuipeleka kodi hiyo, na dereva akahesabiwa mshahara wake bila kuhesabiwa kile alichokatwa, atadaiwa shilingi 59,766. Juu yake zitaongezwa faini ya asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Huo ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima, kwa deni ambalo alikwisha lilipa kwa jasho lake.

Je, sheria inasemaje? Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wasikilize vizuri. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kodi ya Mapato (Sura ya 470) kinamlazimisha mwajiri kukata kodi na kuitolea hesabu. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba kodi iliyokatwa katika mshahara wa mfanyakazi itahesabiwa kuwa imelipwa na mfanyakazi huyo. Angalia kwamba neno lililotumika ni "iliyokatwa". Hakikusema "iliyofika". Na mwajiri aliyekata bila kupeleka, sheria inamruhusu Kamishna kumdai fedha hizo kana kwamba ni kodi ya mwajiri mwenyewe, pamoja na adhabu. Kwa maneno mengine, siku mfanyakazi alipopokea mshahara uliopunguzwa, yeye na serikali walimalizana. Kilichobaki ni kati ya serikali na mwajiri.

Na hii ndiyo haki. Mfanyakazi hakumchagua mwajiri awe mkusanyaji wa kodi. Ni serikali iliyomchagua. Mfanyakazi hawezi kusema, "Nipeni mshahara wangu wote, nitapeleka kodi mwenyewe." Sasa ikiwa mkusanyaji wa serikali amezila fedha, atafutwe mkusanyaji, asirudiwe yule aliyekwisha toa.

Lakini nisiwadanganye wenzangu: kinga hii ina mpaka. Inalinda kile kilichokatwa tu. Ukilipwa mkononi bila hati yoyote, au ukikubaliana na mwajiri kwamba asikate ili upate zaidi, hapana kodi iliyokatwa, na mapato hayo bado ni yako na unaweza kudaiwa kodi yake. Vivyo hivyo mwajiri akikata shilingi 3,000 mahali pa 8,538, utahesabiwa hizo 3,000 tu. Kwa hiyo swali lote ni hili: unaweza kuonyesha kwamba ulikatwa?

Hati ya mshahara ya kila mwezi ndiyo ushahidi wa kwanza. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi yanayoonyesha mshahara kamili na kila kilichokatwa na sababu yake. Wengi wetu huisoma namba ya mwisho, tukaitupa karatasi. Ushahidi wa pili ni fomu ya P9 ya mwisho wa mwaka, inayoonyesha mshahara na kodi mwezi kwa mwezi. Wa tatu ni taarifa ya benki. Dereva wetu akionyesha hati yenye mshahara wa 60,000 na makato yote, na benki ikaonyesha kwamba ziliingia 45,312, ni vigumu mtu kusema kwamba hakukatwa. Karatasi hizi ziwekwe kwa miaka 5, nazo zichukuliwe mapema, kwa maana kampuni ikifungwa hakuna wa kumwomba.

Yako pia mambo mawili tofauti ambayo mfanyakazi hukutana nayo. Kila mwezi mwajiri hupeleka KRA taarifa iitwayo P10, yenye PIN ya kila mfanyakazi, mshahara wake na kodi yake. Wako waajiri wanaopeleka taarifa hiyo bila fedha. Hao wamejitaja wenyewe kwamba walikata, na kazi ya mfanyakazi ni nyepesi. Wengine hawapeleki taarifa kabisa, au huandika mshahara mdogo kuliko ule wa kweli. Hapo ukifungua ritani yako katika iTax utakuta tarakimu hazilingani na P9 yako, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mambo si sawa.

Ukikuta hivyo, usifanye kama wanavyoshauriwa wengi kule wanakolipia kujaziwa ritani, kwamba ujaze ritani ya sifuri ili yaishe. Ritani ya sifuri inasema kwamba hukupata mshahara, na huo ni uongo juu ya jina lako. Tena unajinyima mwenyewe njia ya kudai hesabu ya kodi uliyokatwa. Wala usikae ukingoja mwajiri alipe kwanza, maana ukipita tarehe 30 Juni faini ya mtu binafsi haipungui shilingi 2,000. Jaza ritani kama P9 na hati zako zinavyosema, kwa wakati wake. Kisha mwandikie mwajiri barua ukimtaka asahihishe taarifa zake, na nakala uipeleke ofisi ya KRA iliyo karibu nawe pamoja na vivuli vya hati zako. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa.

Ikiwa KRA bado itakuletea hati ya kukudai, usiipuuze. Una siku 30 za kuandika pingamizi. Andika miezi inayohusika, kiasi kilichokatwa kila mwezi, taja kifungu cha 37, na uambatanishe ushahidi. Pingamizi likiwa limekamilika, Kamishna ana siku 60 za kutoa uamuzi, na usiporidhika unaweza kwenda mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi. Ukiziacha siku 30 zipite kimya, deni lisilo lako linaweza kugeuka kuwa lako.

Iko na njia ya pili, kupitia ofisi ya leba au chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba mwajiri aliyekata fedha kisheria lazima azipeleke zinakotakiwa kwa wakati uliowekwa, na kutofanya hivyo ni kosa la jinai. Njia hii hufaa zaidi wafanyakazi wakienda pamoja, kwa maana mwajiri ambaye hakupeleka kodi ya dereva mmoja, kwa kawaida hakupeleka ya mtu yeyote.

Bwana Mhariri, nina ombi moja kwa KRA. Siyo haki kumwambia mfanyakazi, "Nenda ukazungumze na mwajiri wako." Mfanyakazi hana uwezo wa kuzikamata fedha za kampuni zilizo benki, KRA inao. Tena dereva wetu alikuwa gizani tangu Machi 2025, na angeweza kukaa hivyo mpaka siku ya kujaza ritani mwaka uliofuata. Kwa nini asitumiwe ujumbe kwa simu kila mwezi, baada ya tarehe 9, kumwambia mwajiri wake ameandika mshahara gani na kodi gani kwa jina lake, na kama fedha zimefika? Angejua mwezi wa Aprili, deni likiwa shilingi 8,538 na kampuni ingali wazi. Mwajiri anayejua kwamba kila mfanyakazi wake anaona, hatapata ujasiri wa kusema "mwezi ujao" mara saba.

Mpaka hapo itakapofanyika hivyo, ninawasihi wenzangu wasitupe hati zao za mishahara.

Karani Mstaafu wa Mishahara,
Nakuru.