Alisema Watafika, Hakusema Wangefika

Mpwa wangu amerudi kutoka shule na daftari lenye wino mwekundu. Zoezi lilikuwa la kauli halisi na kauli taarifa. Sentensi aliyopewa: "Dagaa watafika kesho," mama alisema. Yeye akaandika: Mama alisema kwamba dagaa watafika kesho yake. Mwalimu amekata "watafika", juu yake akaandika "wangefika".

Mwalimu huyo hayuko peke yake. Wengi tumekaririshwa kwamba ukishaandika "alisema", kila kitenzi kinachofuata lazima kirudi nyuma: -na- iwe "alikuwa", -ta- iwe -nge-. Nasema kanuni hiyo si ya Kiswahili. Tumeiazima kwa Kiingereza, na hata huko tumeiazima nusu. Kiingereza chenyewe hakirudishi wakati pale anayeripoti anaposema "anasema" badala ya "alisema", na kinaruhusu kuuacha ulivyo pale jambo lililosemwa linapokuwa bado kweli.

Ipeleke sentensi ya mwalimu kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambako dagaa hupimwa na kuuzwa. Mwambie mnunuzi, "Mwenye mzigo alisema dagaa wangefika leo." Atakuuliza papo hapo: "Kwani wamekwama wapi?" Sikio lake limesikia -nge- ya sharti: wangefika, lakini kuna kilichozuia. Mwambie, "Alisema watafika leo," naye ataketi kusubiri. Najua waandishi wapo wanaoitumia -nge- kusimulia ahadi ya zamani, na si kosa. Kosa ni kuifanya lazima na kumnyima mtoto alama kwa -ta- iliyo sahihi.

Sababu ni kwamba katika Kiswahili kitenzi kinachofuata "alisema" huhesabu wakati kuanzia kinywani mwa msemaji. Hakihesabu kuanzia kwangu ninayesimulia. Chukua mvuvi mmoja na homa moja. "Alisema anaumwa": homa ilikuwa mwilini alipokuwa akisema. "Alisema alikuwa anaumwa": alipokuwa akisema, homa ilikuwa imekwisha kupita. Hizo ni habari mbili, na mwenye mtumbwi atachukua hatua mbili tofauti. Kanuni ya darasani inazigeuza zote kuwa "alikuwa anaumwa", kisha inatuambia huo ndio usanifu.

Madhara huonekana zaidi kwenye jambo la kudumu. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa wengi hupumzika. Mzee akisema, "Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawapatikani," niandike: Mzee alisema mbalamwezi ikiwaka dagaa hawapatikani. Nikiandika "ilipokuwa ikiwaka, dagaa walikuwa hawapatikani", nimegeuza elimu ya ziwa zima kuwa kisa cha usiku mmoja.

Wengine watakubali hapo, kisha wadai kwamba wakati hubaki ulivyo kwa kuwa tu jambo ni kweli hadi leo. Nao wanakosea. Agosti 1858 John Speke alifika ufukwe wa kusini wa ziwa hili la Victoria, karibu na Mwanza, akasema hapa ndipo Mto Nile unapoanzia. Richard Burton, aliyekuwa amebaki Kazeh, Tabora ya leo, alisema Speke hana ushahidi wa kutosha. Baadaye alishikilia kwamba chanzo ni Ziwa Tanganyika. Hilo la Tanganyika halikuwa kweli siku hiyo wala leo, lakini sentensi yangu imesimama sawasawa na "ni" yake. Kwa hiyo ukweli wa jambo hauamui wakati wa kitenzi. Anayeamua ni msemaji: wakati alioutamka yeye ndio unaobaki.

Hii haina maana kwamba hakuna kinachobadilika. Nafsi hubadilika: "ninaumwa" huwa "anaumwa". Mahali na siku hubadilika kama nimehama: "hapa" huwa "pale", na "kesho" huwa "kesho yake" siku ikishapita. Amri nayo hugeuka: "Njoo" huwa "alimwambia aje". Na kama msemaji mwenyewe alisema "nilikuwa na mitumbwi miwili", basi nitaandika alisema alikuwa nayo, maana wakati uliopita ameutamka yeye.

Kipimo ni rahisi. Kabla ya kukata kitenzi cha mtoto, irudishe sentensi kinywani mwa msemaji na usikilize alitamka kiambishi gani. Mama alitamka -ta-. Mpwa wangu ameandika -ta-.

Jana jioni aliniuliza kama mwalimu atakubali kusahihisha upya. Sikumsikia akiuliza kama "angekubali".